Ameacha kuniita "sheri", sasa ni "Mama Neema" tu: anajitenga au tumezoeana?

Mama_wa_Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nimeolewa miaka 6, na tuna mtoto mmoja, Neema, mwenye miaka 4. Mume wangu ni deklaranti, anapitisha mizigo ya wateja forodhani pale mpakani Kasumbalesa. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku. Tangu uchumba wetu aliniita "sheri" na "roho yangu", na kila asubuhi, popote alipokuwa, aliniandikia ujumbe mrefu wa kuuliza nimelalaje na nimeota nini.

Wiki iliyopita nilikaa nikarudi nyuma katika ujumbe wetu wa miaka miwili. Hadi mwezi wa tisa wa mwaka jana maneno hayo yalikuwapo, ingawa si kila siku. Kuanzia mwezi wa kumi naona "Nimefika", "Unga upo?", "Lipa shule Jumatano", na basi. Nikimpigia mbele ya watu, naona pia kwamba jina langu katika simu yake, ambalo zamani lilikuwa "Roho", sasa limeandikwa "Mama Neema". Hanipigi, hanitukani, makuta ya nyumba analeta. Kilichonifanya niandike ni kwamba Jumamosi nilimsikia akimwita mtoto "roho yangu", nami nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Sikumwonea mtoto wivu, Mungu ni shahidi, ila nilihisi kama mtu aliyeona kitenge chake kimevaliwa na mwingine.

Naomba mnisaidie kufikiri. Huku ni kupoa kwa kawaida kwa watu waliozoeana, au ni mtu anayeondoka polepole?

Mzee_Kamalondo

Mama Neema, nakusalimu kwa heshima. Nimeishi na mke wangu miaka 38, na tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe sijamwita kwa jina jingine isipokuwa jina la mtoto. Kwetu Wabemba mama wa mtoto huitwa Bana na jina la mtoto, na baba huitwa Bashi na jina la mtoto, na jina hilo ni kiti ambacho mwanamke hukalishwa mbele ya ukoo wote. Mwanamume akikuita "sheri", anakuita kama angemwita msichana yeyote aliyempenda, lakini akikuita "Mama Neema", hakuna mwanamke mwingine duniani anayeweza kuitika. Mapenzi ya mwanamume ni gunia la unga lililofika nyumbani kabla la kwanza halijaisha. Tulia, mwanangu.

Dada_Bukavu

Kwa heshima zote, mzee wangu, unga hauthibitishi kitu. Wanaume wenye biro ya pili, yaani mwanamke wa nje, nao huleta unga nyumbani, tena kwa bidii zaidi, ili wasiulizwe. Mama Neema, mtu anayekaa siku 5 za wiki mahali penye malori, nyumba za wageni na watu wasiomjua, akabadilisha jina lako katika simu, amelibadilisha ili mtu fulani asilione. Ningekuwa wewe ningetafuta njia ya kuishika simu hiyo usiku na kusoma kila kitu, kisha ningetuma mtu Kasumbalesa.

Mama_wa_Katuba

Dada, nakushukuru kwa uchungu ulionao kwa ajili yangu, lakini sikuuliza jinsi ya kumkamata. Swali langu ni jinsi ya kutofautisha vitu viwili ambavyo kwa nje vinafanana.

Mshauri_Kampemba

Mama Neema, nimekuwa nikiwasikiliza wanandoa parokiani kwa miaka 15, pamoja na mafunzo niliyopata ya saikolojia, na swali lako ndilo ambalo watu huja nalo likiwa limechelewa sana, kwa hiyo nimefurahi kwamba umeliuliza mapema. Kabla sijasema lolote naomba unijibu mambo matatu. Mwezi wa tisa au wa kumi wa mwaka jana, ni nini kingine kilibadilika nyumbani au kazini kwake? Unapomwambia jambo dogo lisilo na faida yoyote, kwa mfano kwamba umeona ndege mzuri juu ya bati, yeye hufanya nini? Na wewe, dada yangu, siku hizi unamwita nani?

Mama_wa_Katuba

Nimekaa muda mrefu kabla ya kujibu, hasa hilo la tatu.

Mwezi wa tisa mama mkwe alihamia kwetu baada ya kuugua. Analala chumba kinachopakana na chetu, na ukuta hauzuii sauti. Kazini sijui vizuri, ila alisema mara moja kwamba wateja wake wawili walihamia kwa mtu mwingine.

Kuhusu jambo dogo, nitasimulia la Jumamosi hiyohiyo. Nilikuwa nasonga bukari, nikamwambia kwamba makaa yamepanda bei na kwamba muuzaji amenitania hadi nikacheka peke yangu njiani. Alisema "mm", macho yakiwa kwenye simu. Nilinyamaza. Jioni nilipotaka kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, nilikuta mguu wa jiko hilo uliokuwa umevunjika tangu Pasaka umefungwa kwa waya mpya, vizuri kabisa, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Na mimi namwita Baba Neema. Zamani nilimwita "sheri" pia. Sikumbuki niliacha lini, lakini nadhani ni tangu mama alipofika, kwa sababu niliona haya.

Mshauri_Kampemba

Asante kwa ukweli huo. Sasa nitasema ninavyoona, na utanisahihisha pale nitakapokosea kuhusu nyumba yako.

Jina la mahaba likiondoka peke yake, karibu haliniambii kitu. Huondoka kwa sababu nyingi zisizo na madhara: mtoto amezaliwa, mkwe amehamia, lugha ya nyumbani imebadilika. Hili la mwisho hapa Lubumbashi tunalisahau. Vijana wengi hutongozana kwa Kifaransa, kisha wakishazaa, nyumba inaendeshwa kwa Kiswahili, na mwanamume ambaye maneno yake yote matamu aliyajifunza kwa Kifaransa anajikuta hana la kusema kwa Kiswahili isipokuwa unga, shule na kodi. Mapenzi yapo, ila ameyaacha katika lugha ambayo haitumii tena nyumbani.

Kinachoniambia kitu ni mwitikio. Mtafiti mmoja Mmarekani, John Gottman, aliwaalika wanandoa wapya katika nyumba ndogo ya uchunguzi kwenye chuo kikuu cha Washington, akatazama jinsi wanavyoitana kwa mambo madogo ya siku: huyu anasema "tazama ile mashua", yule anatazama au hatazami. Baada ya miaka 6 aliwatafuta tena. Wale waliokuwa bado pamoja walikuwa wamewaitikia wenzao takriban mara 86 katika kila mwito 100, na wale walioachana takriban mara 33. Hesabu hiyo ilifanywa nyuma, baada ya kujulikana nani ameachana na nani, na ni wastani wa watu wengi, kwa hiyo asije mtu akahesabu mume wake siku mbili, akapata 40 na kufungasha virago. Ninachokichukua hapo ni mahali pa kuelekeza macho. Tumezoea kuchunguza kile mtu anachokisema yeye mwenyewe, ilhali dalili iko katika kile anachokifanya baada ya wewe kusema.

Basi kwa muda wa wikendi 3, chukua daftari la shule la Neema lililobaki kurasa, na usimwambie mtu. Kila unapomwita kwa jambo dogo, awe nyumbani au kwa ujumbe, andika kilichofuata. Kuitika ni kujibu, kuuliza, kucheka, kugeuza shingo, hata kukushika bega. Kutoitika ni kupita kama vile hakuna aliyesema. Kuna aina ya tatu, nayo uiandike kwa kalamu nyekundu ikitokea: anakubeza, anakukejeli, anageuza macho juu, anasema "na wewe kila siku upuuzi". Nyumba zenye ukimya nimeziona zikipona mara nyingi, lakini zile zenye dharau ni chache zilizopona.

Andika pia saa na siku. Mtu asiyeitika Ijumaa usiku baada ya wiki ya foleni ya malori, akaitika Jumapili mchana, amechoka. Asiyeitika siku zote na saa zote, hata akiwa amelala vizuri, ana jambo jingine.

Ule waya wa mbabula nisingeuhesabu kama jibu la neno lako la makaa, lakini nisingeutupa pia. Ni mwito wake yeye. Je, ulimwambia kwamba umeuona?

Mama_wa_Katuba

Hapana. Nilikuwa nimeudhika.

Fundi_Likasi

Naomba niseme kama mwanamume, kwa sababu jambo hili nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka 2022 nilipoteza kazi na kwa miezi 4 sikumwambia mke wangu. Niliondoka asubuhi na nguo za kazi, nikakaa kwa rafiki, nikakopa, nikaleta makuta ya chakula. Katika miezi hiyo sikumwita kwa jina lolote zuri. Sikuwa nimempunguza moyoni hata kidogo. Kila nilipofungua kinywa kusema "mpenzi" niliona kwamba namdanganya, kwa sababu neno lile lilikuwa linasema "mambo ni mazuri" na mambo hayakuwa mazuri. Yeye akaanza kuuliza: kwa nini umebadilika, una nani, sema. Kadiri alivyouliza ndivyo nilivyotoka nje kwenda kukaa barazani, na kadiri nilivyokaa barazani ndivyo alivyouliza zaidi. Tulifika mahali ambapo nilikuwa naogopa hatua zake akija upande wangu.

Mama Neema amesema wateja wawili wameondoka. Kwa deklaranti, wateja wawili si jambo dogo, maana analipwa kwa faili anazopitisha.

Dada_Ruashi

Fundi, wewe ulikuwa na aibu, na nakuamini. Lakini lazima niseme yangu, kwa sababu naogopa Mama Neema atatoka hapa akiamini kwamba maneno ndiyo mapenzi.

Mume wangu hakuacha kuniita "sheri" hata siku moja. Aliniita hivyo asubuhi ile ile aliyoondoka na sanduku. Nilipokuja kutazama nyuma, niliona kwamba maneno yalikuwa yameongezeka katika miezi 5 ya mwisho. Aliniandikia maua na mioyo, hata mama yangu alinisifu kwamba nimepata bwana. Kilichokuwa kimekwisha ni kwamba hakuniuliza tena kitu chochote. Nilitibiwa jino, uso ukavimba siku 3, akaniambia "pole sheri" bila kuuliza ni jino lipi. Na yeye hakunisimulia tena lake. Zamani alikuwa akirudi anataja bosi, anataja foleni, anaiga sauti za watu. Vyote viwili vilikauka pamoja, naye bado ananiita asali.

Kwa hiyo mimi nisingesoma "sheri" katika simu, ila ningesoma alama za kuuliza.

Mshauri_Kampemba

Dada Ruashi, pole, na umesema jambo ambalo mimi ningehitaji aya tatu kulisema. Udadisi ndio hufa kwanza kwa mtu anayeondoka, kwa sababu mtu anayeandaa maisha mengine hana sababu ya kutaka kujua ya haya. Mtu aliyezoea, hata akiwa mkavu wa maneno, bado anauliza "yule mama wa jirani alijifungua?" na bado anakasirika ukichelewa. Na baada ya ugomvi, aliyezoea hurudi kwa njia yake: hutengeneza kitu, hununua muwa, hukaa karibu bila kusema. Anayeondoka huuacha ugomvi pale ulipoangukia, kwa sababu haumhusu tena.

Kwa Dada Bukavu, kwa upole: jina katika simu linaweza kuwa ulivyosema, sikatai. Lakini katika nyumba ambayo mama mkwe anaomba simu ya mwanawe kupiga kwa wakwe wengine, "Roho" huwa "Mama Neema" kwa sababu nyepesi kuliko hiyo. Ukisoma simu usiku, utakuta kitu au hutakuta, na katika hali zote mbili utakuwa umeingia katika mazungumzo ukiwa na kosa mkononi.

Dada_Bukavu

Nimekuelewa, mshauri, lakini sijashawishika. Mimi niliambiwa maneno kama hayo, nikasubiri miaka 2. Mama Neema asimvizie, sawa, lakini amuulize kuhusu jina hilo, uso kwa uso, na atazame macho.

Mzee_Kamalondo

Nimesoma yote na nimerudi kusahihisha nilichosema, angalau nusu yake. Usiku nilimuuliza mke wangu, kwa mara ya kwanza, kama aliwahi kusikitika nilipoacha kumwita jina alilokuwa nalo nilipomposa. Alikaa kimya, akasema alisikitika mwaka mzima, kisha akazoea. Sikujua. Bado naamini kwamba "Bana" ni jina la heshima kubwa, lakini nilidhani heshima inajaza nafasi ya lile jingine, na yeye anasema haikujaza.

Mama_wa_Katuba

Mzee wangu, umenitoa machozi. Mshauri, nitafanya hilo la daftari. Naomba pia uniambie, nikifika kuzungumza naye, nianze vipi? Nimezoea kuanza vibaya.

Mshauri_Kampemba

Usianze kwa ujumbe, na usianze Ijumaa. Subiri awe amekula na amelala usiku mmoja nyumbani, kisha mtoke nje ya masikio ya mama, hata kama ni kutembea hadi dukani kununua sabuni. Wanaume wengi huzungumza vizuri zaidi mkitembea bega kwa bega kuliko mkiketi mkitazamana, ingawa Dada Bukavu anataka macho.

Sentensi ya kwanza iwe juu yako na juu ya kitu kimoja. "Nakumbuka ulivyokuwa ukiniandikia asubuhi, na nimekosa ujumbe ule" ni mlango. "Siku hizi hunipendi" ni kesi, na mshtakiwa hujitetea. Kisha nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Akitoka nje kama Fundi alivyotoka, usimfuate siku hiyo. Na kabla ya hayo yote, mshukuru kwa mbabula.

Mama_wa_Katuba *(baada ya wiki 3)*

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Katika daftari nimeandika miito 31. Aliitika 19, hakuitika 12, na kalamu nyekundu sikuitumia hata mara moja. Kati ya zile 12, tisa ni za Ijumaa usiku au za ujumbe wa katikati ya wiki. Jumapili karibu kila kitu anaitika, hata nilipomwambia kwamba mwembe wa jirani umeanza kutoa maua, alitoka nje akaenda kuutazama, akarudi akaniuliza kama nakumbuka mwembe wa kwao.

Kuhusu mbabula nilimshukuru. Alisema "nilidhani hukuona", kisha akacheka kidogo.

Jumapili ya pili tulitembea kwenda kununua sabuni. Nilisema sentensi ile karibu kama ulivyoiandika. Alitembea kimya hadi tukapita kona mbili. Alisema kwamba anaona aibu mbele ya mama yake, kwamba siku moja mama alimwambia anamlea mke kama mtoto, na tangu hapo neno linamkwama. Kuhusu jina katika simu alisema kwamba mama alimwuliza "Roho ni nani", akalibadilisha palepale. Nilimtazama macho, Dada Bukavu, na niliamini. Kuhusu kazi alisema wateja walioondoka ni 4, si 2, na kwamba tangu mwezi wa kumi anajazia matumizi ya nyumba kwa mkopo wa mwenzake.

Lakini nilipomuuliza kuhusu ujumbe wa asubuhi, kwamba kule Kasumbalesa mama hayupo na neno halimkwami mbele ya mtu, alisema, "Sijui." Alilirudia mara mbili, na niliona kwamba hakuwa anaficha, au alikuwa anaficha vizuri kuliko ninavyomjua. Hapo ndipo nilipobaki.

Dada_Bukavu

Mama Neema, nafurahi kwa hayo ya jina na ya mkopo, kwa kweli nafurahi. Lakini hiyo "sijui" usiiache ilale. Swali lako la wiki za kazi halijajibiwa.

Fundi_Likasi

Mimi "sijui" yangu ilikuwa kweli sijui. Ilinichukua muda kujua kwamba niliacha kuandika kwa sababu kila asubuhi niliamka nikihesabu madeni, na aliyeamka akihesabu hana neno la kumwandikia mtu. Amesema mkopo mmoja. Ulizia taratibu kama ni mmoja tu.

Mama_wa_Katuba

Nitauliza, ila si wiki hii. Na nimeanza mimi mwenyewe kumwita "sheri" tena, tukiwa wawili. Mara ya kwanza alishtuka, akatazama ukuta wa chumba cha mama.

Jumatatu aliondoka saa 11 alfajiri. Saa 3 asubuhi nilipata ujumbe: "Nimefika. Foleni ni ndefu. Ule mwembe umeongeza maua?" Hakuna "sheri", hakuna "roho", lakini kuna alama ya kuuliza. Nimeuandika katika daftari pamoja na saa yake.